Siandiki Tano Nukta Nne

Naandika polepole. Shuleni mwalimu alikuwa akifuta ubao kabla sijafika nusu, na mpaka namaliza darasa la saba daftari zangu zilijaa sentensi zilizokatika katikati. Kuongea nako ni vilevile. Mtu akiniuliza jambo, jibu linanijia akishaondoka. Nasema haya mapema kwa sababu siku ninayoisimulia niliambiwa nina kiburi.

Nilikuwa mhudumu wa maabara katika hospitali moja ya hapa Babati, miaka ile mkoa wa Manyara ungali mpya na vyumba vya kupanga vya Maisaka vimejaa watu wa ofisi waliohamishiwa huku, wote wakilalamikia vumbi. Niliajiriwa kufagia na kuosha vioo. Mama aliyekuwa fundi wa maabara, ambaye alikuwa anakaribia kustaafu, ndiye aliyenifundisha mengine. Alinifundisha kuingiza damu kwenye mrija wa kioo mwembamba kama kijiti cha kiberiti, kuziba ncha moja kwa udongo maalumu, na kuuweka kwenye mashine inayozunguka kwa kasi dakika tano. Ukiutoa, damu imejitenga: chembe nyekundu zimekaa chini, maji ya njano juu. Unapima chembe zimechukua sehemu gani ya mia. Huo ndio ujazo. Alinipa pia daftari la majibu niwe naandika.

"Dokta, mimi naandika polepole," nilimwambia. Kwetu kila mwenye koti jeupe ni dokta.

"Ndiyo maana nakupa. Ukiandika polepole unapata muda wa kuzidisha. Himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, zidisha mara tatu, ikaribiane na ujazo. Zikipishana zaidi ya tatu, kuna mtu kakosea. Anza kujikagua wewe."

"Na kama hajakosea mtu?"

"Zipo damu zenye chembe ndogo au zilizopauka. Kwa hizo hesabu inapishana. Lakini inapishana kidogo, mwanangu. Haiwi mara mbili."

Alipostaafu alikuja kijana mwenye diploma, mwepesi wa mkono na wa maneno. Himoglobini alipima mwenyewe, nami nikabaki na mirija yangu. Hesabu ya mara tatu aliiita hesabu ya bibi.

Asubuhi hiyo aliletwa mama mmoja kutoka Nangara, mjamzito wa miezi minane, akiwa na kaka yake. Alikuwa na kizunguzungu tangu jana yake. Fundi alimtoa damu kwenye chupa ndogo, akanipa nijaze mirija miwili, naye akapima upande wake. Alivuta damu kidogo kwa pipeti, kile kimrija cha kioo chenye mstari wa kipimo, akaitia kwenye mililita tano za ile dawa ya njano yenye sayanidi, ambayo huvunja chembe na kugeuza himoglobini yote iwe ya rangi moja. Akasubiri dakika kumi kama inavyotakiwa, akasoma kwenye kipima rangi, akalinganisha na jedwali.

"Tano nukta nne," alisema. "Andika. Nimeshamwambia daktari. Anaongezewa damu leo."

Yule mama alisikia kutoka kwenye benchi la mlangoni. "Dokta, nakuomba. Damu ya mtu mwingine sitaki. Siku hizi nani anajua damu ya nani ina nini?"

"Ya kaka yako tutaipima, mama. Unataka kujifungua au unataka kufa?"

Kaka yake alikuwa ameshakunja mkono wa shati hadi begani, tayari kutolewa damu.

Nikafungua daftari. Nikaandika tarehe, umri, Nangara. Kwenye nafasi ya ujazo nikaandika thelathini na tatu, kwa sababu mirija yote miwili ilisema hivyo. Halafu nikazidisha. Tano nukta nne mara tatu ni kumi na sita na kitu. Kalamu ikasimama.

"Mbona huandiki?"

"Hazikubaliani."

"Nini hazikubaliani?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akacheka. "Udongo wako umevuja. Rudia mrija, na andika namba yangu."

Kawaida hapo ndipo ninaponyamaza. Lakini mara hii jibu lilinijia angali amesimama mbele yangu. "Udongo ukivuja, chembe zinatoka. Ujazo ungeshuka. Huu uko juu."

"Basi chembe zimepauka. Mjamzito huyu."

"Zikipauka zinapishana kidogo. Hii ni mara mbili."

"Binti, mimi nimekaa chuo miaka mitatu. Wewe darasa la saba. Andika."

"Siandiki."

Nilisikia sauti yangu na nikashtuka kuliko yeye. Yule mama alinyanyua kichwa.

"Una kiburi," alisema fundi.

"Nitajaza mirija mingine. Ikija kumi na sita, naandika na naomba radhi mbele ya watu."

Nilijaza mingine miwili, nikabana udongo mpaka kidole kikauma, nikawasha mashine. Hizo dakika tano nilizitumia kuosha, maana kuosha ndiyo kazi niliyoajiriwa. Nikachukua pipeti yake. Ilikuwa mpya, ya zamani ilikatika ncha jana yake. Ile ya zamani niliiosha miezi mingi, niliijua: ilikuwa na mstari mmoja tu, wa ishirini, kipimo kinachotakiwa. Hii ilikuwa na miwili. Nikaisogeza dirishani. Kwenye mstari wa kwanza paliandikwa kumi, kwenye wa pili ishirini.

Mashine ikasimama. Thelathini na tatu. Thelathini na tatu.

Nikampelekea mirija kwa mkono mmoja na pipeti kwa mkono mwingine. "Ulivuta mpaka wapi?"

Aliichukua pipeti, akaisogeza karibu na macho, na nikaona shingo yake ikibadilika rangi. Kisha akatikisa ile chupa ndogo taratibu, akavuta damu hadi mstari wa pili, akafuta ncha kwa nje, akaitia kwenye dawa. Rangi ilikolea kuliko ile ya kwanza, hata bila mashine ungeiona. Tulisubiri dakika kumi. Kaka wa yule mama bado alikuwa amekunja shati.

Kumi nukta nane.

Nilizidisha kwa sauti ili na mlangoni wasikie. "Thelathini na mbili na kitu. Na ujazo thelathini na tatu."

"Maana yake nini, dada?" aliuliza yule mama.

Nilimwangalia fundi. Jibu lilikuwa lake. "Maana yake huhitaji kuongezewa damu," alisema. "Imepungua kidogo tu. Utapewa vidonge, na daktari atatafuta hicho kizunguzungu kinatoka wapi."

Kaka alishusha shati. "Sindano nilikuwa naiogopa," alisema, na dada yake akampiga kibao cha begani akicheka na kulia.

Fundi alienda kwa daktari mwenyewe, na hilo namhesabia. Aliporudi aliniambia nitoe chupa zote za asubuhi. Zilikuwa nne, na zaidi ya ile ya yule mama hakuna iliyoombewa ujazo. Kosa la hizo hakuna ambaye angelijua. Alizirudia zote, mstari wa pili. Kisha akasogea karibu na daftari.

"Hiyo tano nukta nne usiiandike. Andika kumi nukta nane basi."

Yule fundi mama aliyestaafu alinifundisha kwamba namba iliyokosewa haifutwi wala haifichwi. Inapigwa mstari mmoja, isomeke, na iliyo sahihi inafuata.

"Naandika zote mbili," nilisema.

Alinitazama. Nilidhani atasema tena kuhusu kiburi.

"Haya. Andika, lakini fanya haraka, watu wanasubiri."

Nikaandika, polepole.