Bei ya Kwanza Baada ya Jenereta Kuzimika

Miaka ile ya soko huria, kabla sijaanza kuandika hadithi, niliandika programu moja tu ya kompyuta, na ilifanya kazi Kibiti, kwenye kituo cha kampuni binafsi iliyonunua pamba. Dishi la juu ya bati lilipokea bei kutoka soko la ng'ambo kila zilipobadilika. Nyingine zilifika zimeharibika: 72 ikawa 27, tarakimu zimebadilishana nafasi njiani. Kazi ya programu yangu ilikuwa kuzichuja, kisha kumwelekeza meneja wa kituo anunue au auze. Kila bei mpya ililinganishwa na ya mwisho iliyokubaliwa. Ikipishana nayo mno, ilitupwa. Niliipenda kama shairi.

Jioni moja, soko la ng'ambo likiwa limefunguka punde tu, jenereta lilizimika. Mama yangu mdogo alikuwa kwenye foleni na magunia manne aliyoyaleta kutoka Mahege kwa baiskeli mbili za kukodi.

"Fanya upesi, mwanangu," aliniambia nikipita na dumu la dizeli. "Au mashine yako nayo inafunga Ramadhani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nililiwasha jenereta, nikawasha kompyuta, nikarudi nje kuziba bomba lake la mafuta lililovuja. Nilikaa huko karibu nusu saa.

Niliporudi, mizani ilikuwa imefungwa na foleni haipo. Meneja alishika redio ya mawasiliano. Kwenye kioo cha kompyuta palisomeka: BEI CHINI YA KIWANGO. SIMAMISHA KUNUNUA. UZA AKIBA.

"Nawaita Dar wauze yote," alisema.

"Ngoja kwanza, mzee!"

Nilifungua orodha ya bei zilizotupwa. 72.10. 72.15. 72.05. Ukurasa baada ya ukurasa, bei nzima, safi, zote zimekataliwa. Iliyokubaliwa ilikuwa moja tu: 27.10. Kompyuta ilipoamka haikuwa na bei ya jana ya kulinganishia, ikaipokea ya kwanza iliyobisha hodi. Ikaufanya uongo ule kipimo, na ukweli wote uliofuata ukaonekana uchafu.

Sikuwa nimeiambia ihifadhi bei ya mwisho. Wala isubiri bei kadhaa zikubaliane kabla ya kuamini.

Meneja aliweka redio chini taratibu. Mimi nilishakuwa barabarani nakimbia.

Mama mdogo alikuwa anakunja magunia matupu. Lori la mlanguzi lilikuwa linaondoka.

"Kanipa nusu ya bei," alisema. "Ningefanyaje? Mmesema pamba haina bei."

"Bei haikushuka, mama."

Alinitazama. "Basi nani kasema imeshuka?"

"Mimi. Ile programu niliiandika mimi."

Hakunigombeza. Aliendelea kukunja gunia la mwisho, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kupita kiasi, na bado mikono yake haikuacha.