Kumi na Tatu ya Jopo

Mpaka leo nikipita Kibaha damu inanichemka. Kosa si la Kibaha, ni la chumba kimoja tulimosahihishia mtihani wa majaribio wa kidato cha sita, sisi walimu wa hesabu wa shule mbalimbali.

Utaratibu wetu ni kwamba kila mwalimu hushika swali moja na kulisahihisha kwenye karatasi zote. Swali la karata lilimwangukia jirani yangu wa meza. Lilisema: karata hamsini na mbili zimechanganywa, unafunua moja moja bila kurudisha, kwa wastani utafunua ngapi hadi ree ya kwanza, yaani karata yenye A, itokee? Mwongozo wa kusahihisha uliandika kumi na tatu.

Jirani akanisukumia karatasi huku akicheka. "Madamu, hebu ona. Huyu kachora zizi la mbuzi."

Niliujua mwandiko kabla sijamaliza kutazama. Alikuwa mwanafunzi wangu wa Kisarawe, binti wa wakulima wa Vihingo, mpole mpaka anaudhi. Tangu aanze kidato cha tano nilikuwa namwambia neno lile lile: acha kukariri, amini kichwa chako. Na hapa alikuwa amekiamini. Alichora nguzo nne, ndizo ree, zikatenga vyumba vitano: kabla ya ree ya kwanza, vitatu vya katikati, na baada ya ya mwisho. Chini akaandika kwamba ukiichukua karata yoyote isiyo ree, tuseme saba ya kopa, ukaitazama pamoja na ree nne, hizo ni karata tano, na saba ina nafasi sawa ya kuwa ya kwanza, ya pili, hata ya tano. Kwa hiyo nafasi yake ya kuzitangulia ree zote ni moja ya tano. Zisizo ree ziko arobaini na nane; gawanya kwa tano, unapata tisa nukta sita. Ongeza ree yenyewe: kumi nukta sita.

Hakuna jumla ndefu wala kanuni ya kukariri. Mimi mwenyewe sikuwahi kumfundisha njia ile. Pembeni palikuwa na sifuri nyekundu.

Nikaenda kwa kiongozi wa jopo, mzee aliyefundisha kabla sijajua kuhesabu.

"Shikamoo, mwalimu. Mwongozo wa swali hili una makosa."

"Marahaba. Ree ni nne kati ya hamsini na mbili, yaani moja ya kumi na tatu. Moja gawanya kwa hiyo, kumi na tatu. Kila mwaka tunafanya hivyo."

"Hiyo ni pale unaporudisha karata na kuchanganya upya, mwalimu. Hapa hairudishwi."

Akaguna. Walimu wengine wakaacha kalamu wasikilize, na nilijua nimeshakuwa mwanamke mbishi wa siku hiyo. Nikaendelea. Vyumba vitano vina wastani sawa, kwa hiyo kutoka ree moja hadi nyingine ni hatua ile ile ya mwanzo. Kama ya kwanza iko ya kumi na tatu kwa wastani, basi ya pili ni ishirini na sita, ya tatu thelathini na tisa, na ya nne hamsini na mbili. "Wastani wa hamsini na mbili maana yake kila ukichanganya karata, ya chini kabisa ni ree. Mwalimu, umewahi kuona karata za namna hiyo?"

Alihesabu kwa vidole, kisha akavikunja. Niliona kabisa kwamba ameelewa, na hapo ndipo hasira iliponipanda hasa, maana mjinga unamsamehe.

"Wenzetu wa vituo vingine wameshamaliza," alisema taratibu. "Jopo likishakubaliana, limekubaliana. Rudi mezani, mwanangu."

Sifuri ikabaki. Nilisahihisha karatasi zilizobaki huku kalamu ikikaribia kuzitoboa.

Matokeo yalipofika Kisarawe pamoja na mwongozo wa kusahihisha, nilimwita binti mbele ya darasa. Nilitaka kumlipa haki yake hadharani, wenzake wajue kwamba aliyekosea ni jopo. Nikaandika swali ubaoni, nikampa chaki.

Hakuchora nguzo. Aliandika moja gawanya kwa p, kanuni ile ile ya jopo, akaandika kumi na tatu, akapiga mstari chini.

"Ile yako ya vyumba ilikuwa sahihi," nikamwambia. "Jopo ndilo lilikosea."

"Najua, madamu."

"Sasa mbona unaandika hii?"

Alinirudishia chaki kwa mikono miwili, kama walivyomlea kwao. "Kwa sababu wanaosahihisha ni wao."

Nyuma yangu nikasikia darasa zima likinakili.