Maembe ya Julai

Kiwanda chetu cha juisi hapa Machakos huanza mwaka wake wa fedha Julai mosi. Wiki ya kwanza ni ya Julai. Ukifika wiki ya thelathini uko Januari, tarehe ishirini na kitu, maembe yamejaa mpaka mizani inalia. Mimi nilikuwa nanunua kwenye kituo cha Matuu. Kila lori nililipima mara mbili, kwa sababu sijawahi kuamini mizani, wala anayeisoma.

Februari nikaitwa ofisini. Meneja mpya wa ripoti, kijana wa kutoka Syokimau, alikuwa amechapisha karatasi. Wiki ya thelathini: mpango tani arobaini, Matuu sufuri. Akasema bila kuniangalia kwamba kituo kitafungwa mwisho wa mwezi, na wapimaji wangu sita waende nyumbani.

Nikamwomba hiyo karatasi. Akasema si ya kuguswa guswa. Nikaichukua.

Nikapanda na orodha kwenda juu mpaka wiki ya nne. Hapo Matuu ilikuwa na tani thelathini na nane. Nikarudia kwa kidole. Thelathini na nane.

"Kijana, wiki ya nne ni lini?"

"Si iko hapo, mama. Wiki ya nne."

"Ya mwaka wetu wa fedha ni mwisho wa Julai. Nani aliniuzia maembe Julai? Nipe namba yake, nimnunulie shamba."

Mhasibu, aliyekuwa meza ya pili akinywa chai, akakohoa ndani ya kikombe. Meneja akasema kompyuta haikosei. Nikamwambia kompyuta imehesabu wiki kuanzia Januari, kama alivyoiambia, na yeye akaziweka kando ya mpango unaohesabu kuanzia Julai. Maembe yangu ya Januari yamekaa Julai, na ukame wa Julai umekaa Januari. Mwaka aliuandika sawa, wiki ndizo zilizopotea.

Akasema sikusomea mambo haya. Ni kweli. Nilifungua daftari la mizani, lenye tarehe za kila lori, nikamsomea kuanzia Januari ishirini, Jumatatu, mpaka Jumamosi. Mhasibu alijumlisha. Nikamwambia ajumlishe tena.

Meneja alibadilisha fomula huku ametupa mgongo, ihesabu siku tangu Julai mosi, igawe kwa saba, iongeze moja. Akachapisha upya. Wiki ya thelathini: mpango tani arobaini, Matuu thelathini na nane.

Hakuomba radhi. Alichukua kalamu nyekundu, akazungushia ile nambari.

"Kwa hivyo umepungukiwa na tani mbili," akasema. "Kituo kitabaki. Wewe utaniandikia barua ya kujieleza."

Niliiandika palepale, kwenye meza yake, nikachukua nafasi yote. Nilieleza lori moja lililokwama Yatta kwa matope. Juu kabisa niliweka tarehe, halafu wiki, halafu mwaka wa fedha, nikampa asaini kwamba ameisoma.