Maini Aliyoniletea Baba

Baba yangu ana bucha Tunduma, upande wa Chapwa, na maishani mwangu sijawahi kumwona akila maini. Tulidhani ameyakinai kwa kuyashika kila siku. Wala hakuvaa viatu vya kufunika vidole. Hata Krismasi alikwenda kanisani na sandali za tairi, na mama alipolalamika alijibu kwamba Mungu haangalii miguu. Sisi watoto tulicheka, tukamwona mtu mwenye msimamo.

Mimi nilikuwa bondia. Nilishawapiga wa Tunduma na wa Vwawa, likabaki pambano moja na jamaa wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nikimshinda huyo ningechukuliwa kambini Mbeya, niachane na kupakia magunia ya mahindi kwenye malori. Sikuwa na ndoto nyingine, na wala sikuitaka.

Kocha akaniona nimezidi uzito. Akanikataza ugali, wali na viazi. "Nyama inajenga, ugali unanenepesha," alisema, nami nikamwamini kama mchungaji. Baba akafurahi kuliko kocha. Kila asubuhi aliniletea maini na figo, jioni kapenta, wale dagaa wa Zambia, sahani imejaa pomoni. Alikaa mbele yangu mpaka nimalize, yeye akinywa uji wake wa maziwa.

"Kula, dume langu. Nataka nikuone kambini kabla sijafa."

Siku za mwisho kocha akakata na maji. Nikawa nakimbia barabara ya Mpemba jua la mchana, koti la mvua juu ya sweta, mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Kwenye mizani nilipita. Jioni hiyo nikapewa supu ya mifupa na bia za kurudisha nguvu, na wote tukashangilia kama vile nimeshashinda.

Asubuhi ya pambano kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba, kinang'aa, cha moto. Shuka likikigusa tu natamani kupiga kelele. Nimeshavunjwa pua na mbavu. Sijawahi kuumwa vile. Baba akaja, akakitazama kwa muda. Hakuuliza nimejikwaa wapi.

"Funga kiatu," alisema. "Usimwonyeshe mtu."

Jamaa wa Nakonde hakuwa mjinga. Raundi ya kwanza aliona ninavyoukwepa mguu ule. Raundi ya pili alinisogelea, akanikumbatia, akakikandamiza kidole kwa kisigino. Nikalia kama mbuzi anayechinjwa. Refa aligeukia pembeni. Akakikanyaga tena, nikaenda chini bila kupigwa hata ngumi moja, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Kaangushwa na kidole!" Kocha alitupa taulo akaondoka zake, na tangu siku hiyo hajapokea simu yangu.

Baba alinisindikiza zahanati. Daktari, dada mmoja mpole, alisema ni gauti. Vyakula vile nilivyokuwa nikila vinaacha asidi ya yuriki kwenye damu. Figo ndizo huitoa kwa mkojo, na mimi nilizinyima maji. Kupungua uzito kwa pupa nako kunaipandisha. Ikizidi hugeuka chembechembe kali kama sindano ndani ya kiungo.

"Kwenu kuna mwenye ugonjwa huu?" aliuliza. "Zipo familia ambazo figo zao ni nzito kuitoa."

"Hakuna," nikajibu. Baba alikuwa anatazama dirishani.

"Basi, uache maini, figo..."

"Dagaa na kapenta," baba akamalizia, bado anatazama nje. "Supu ya mifupa. Bia, na soda pia. Nyama kidogo tu. Maji mengi. Maziwa, mayai na maharage havina neno."

Aliitaja orodha ile kama anasali Baba Yetu. Daktari akainama, akamtazama miguu.

"Mzee, wewe uliambiwa lini?"

"Huyu alikuwa bado ananyonya."

Tulitoka. Nilikuwa nachechemea, nimeshika ukuta, na nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nilimuuliza kwa nini.

"Ningekuambia, ungeacha kula. Ungeacha kula, ungebaki mpakia magunia." Hakuona haya hata kidogo. "Nilijua gauti itakuja. Nilidhani itasubiri ushinde kwanza."

Kiatu kilikuwa kinanibana, machozi yananitoka mbele ya wagonjwa wa watu. Baba akavua sandali zake za tairi, akaziweka chini mbele yangu, akaanza kutembea pekupeku kwenda bucha.

Nikazivaa. Zilinitosha.