Mshtakiwa wa Uvira, mlalamikaji wa Bujumbura

Zile namba sita nilizitoa mwenyewe, tena kwa adabu. Ilikuwa saa nne asubuhi, bado niko kitandani na chai yangu kama mgonjwa, pale mama mmoja wa kwaya yetu aliponiandikia kwamba kodi yake, yaani namba za siri za kufungulia akaunti yake ya ujumbe, imeingia kwenye simu yangu kwa makosa, nimrudishie. Ujumbe wenye kodi ulisema kwa Kifaransa usimpe mtu yeyote. Niliusoma wote, maana sekondari nilimaliza, kisha nikampa. Nikaomba na radhi kwa kuchelewa. Kumbe akaunti ya mama yule ilikuwa imeibwa tangu jana yake, na mimi nilikuwa najadiliana na mwizi. Muda si muda, na yangu ikanifungia nje.

Ilinichukua wiki nzima kuirudisha. Nilipoirudisha nikadhani yameisha, nikarudi kwenye cherehani yangu. Mi ni fundi wa nguo, nashonea nyumbani, mtaa wa Carama hapa Bujumbura, na vitenge nilikuwa natumiwa na mama mmoja wa Uvira, upande wa Congo. Mwaka ule mpaka ulikuwa wazi, lakini mimi Gatumba, pale mpakani upande wetu, sikuwahi kuvuka. Hata sokoni Jabe kwenda ni mpaka nibembelezwe. Tulijuana kwa sauti tu, yeye na mimi, miaka mitatu.

Siku moja akanitumia picha ya karatasi. Alikuwa ameshtaki kwa polisi ya kwao, kosa la utapeli, na jina la mshukiwa lilikuwa langu, na namba yangu chini yake. Mwizi alimwandikia kwa akaunti yangu kwamba nimelazwa, nakata roho, anisaidie pesa kwenye laini ya dada yangu, namba ya Congo. Mama wa watu, karatasi inasema, akatuma mara mbili huku analia, na maombi juu. Mtu ameingia mdomoni mwangu, akaomba kwa ulimi wangu.

Basi mimi, nisiyetoka hata kwenda harusini, nimekuwa mhalifu wa kimataifa. Jirani yangu, mama muuza sambusa ambaye mlango wake unatazamana na wangu, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanisindikiza polisi.

Afande wa upelelezi alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionikera zaidi. Akanieleza kama mwalimu kwamba mambo yangu ni makosa mawili. La kwanza ni kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa yake: hilo limetendwa kwangu, hapa, analiandika. La pili ni utapeli, na aliyetapeliwa yuko Uvira, pesa zimetokea Uvira, laini iliyopokea ni ya kule.

Kwa hiyo kwenye kosa la kwanza mi ni mlalamikaji, na kwenye la pili, ng'ambo ya mpaka, mi ndiye mwizi. Uvira yenyewe siku ya anga safi unaiona ukiwa ufukweni mwa ziwa huku kwetu.

“Na kama mwizi anakaa Gatumba?” nikamuuliza. “Si pale laini ya Congo inashika?”

“Akiwa Gatumba ni wangu, mama. Lakini jina la mwenye laini liko kwa kampuni ya kule, na kampuni ya kule haitii barua yangu.”

Barua inayotiiwa, akasema, inatoka kwa mwendesha mashtaka, inapanda hadi wizarani, inavuka kwenda Kinshasa, kisha inashuka Uvira. Nikauliza kwa nini asimpigie tu mwenzake wa kule. Akasema humpigia, wanasalimiana, wanapeana habari. Ila mazungumzo ya simu jaji hayapokei kama ushahidi. Na rekodi za simu hazitunzwi milele. Alisema hayo huku anapanga mafaili yake, mtu aliyeshazoea. Wezi wanavuka mpaka kwa kidole kimoja, sisi tunawafuata kwa muhuri.

Mwishowe alinipa karatasi ya kuthibitisha kwamba nimeshtaki. Nikaipiga picha pale pale nje, nikamtumia mama wa Uvira bila neno. Aliiona. Nikamtumia tena, safari hii muhuri ukiwa karibu zaidi.

Njia nzima nilikuwa natukana. Nilitukana mwizi, wizara zote mbili na Kinshasa. Nikamwambia jirani kwamba nitaandika kwa mwendesha mashtaka, nitatafuta wakili, kwamba jina langu halitabaki kwenye karatasi ya watu. Tulipofika mlangoni jirani akaniangalia.

“We unatafuta muhuri wa nini? Ule mama alilia akizani unakufa, na mpaka leo haujamupigia hata asikie sauti yako.”