Mkono Uliobaki Begani

Wenzangu mnaotafuta kazi, nawaelewa: kila mtu hutaka kuonekana mtaalamu. Nilikuwa na picha niliyopigwa pwani ya Kengeja, nimelowa, kalamu mkononi, nacheka na wanawake wanaolima mwani. Facebook, waliko jamaa zangu, niliiweka nzima. Kwenye ukurasa wa kutafutia kazi niliwakata wote, nikabaki peke yangu na kalamu, nikaandika “Mratibu”. Kumbe nilikuwa najitolea tu!

Nikaitwa kwenye usaili wa mradi wa mwani. Walitaka mtu aliyezoeana na wakulima. Mmoja wa wasaili alikuwa Bi Raya, mwenyekiti wa wanawake wale wale. Akanionyesha kwenye simu picha yangu ile niliyoikata, huku akicheka.

“Mwanangu, mkono huu wa hina begani kwako ni wangu. Mimi mwenyewe umenipeleka wapi?”