Jumla ya Mpaka Hapo

Nina kinyaa na orodha za tarakimu zilizoandikwa ovyo. Watu hucheka nikisema hivyo. Wengine hukinai nywele kwenye chakula, mimi nakinai 8000 mstari mmoja na 8,000 mstari wa pili, kana kwamba aliyeandika alikuwa akipiga miayo. Kabla hujacheka nawe, nisikilize.

Miaka minane nilikuwa mtunza stoo wa hoteli moja Diani. Tulifundishwa kwamba kila kinachoingia kiandikwe, na pembeni yake iandikwe jumla ya mpaka hapo: kilichokuwepo juu, jumlisha kilichoingia sasa. Na kila elfu iwe na mkato wake, pasipo kubakisha hata mstari mmoja. Nilidhani ni ukali wa mkubwa wetu tu. Kazi ilipokwisha nikarudi kwetu, ng'ambo ya Kinango ukielekea Samburu, ambako mvua ilikuwa imetuhama. Kwa kuwa nilijua kompyuta, nikafanywa katibu wa kamati ya maji.

Mradi mmoja wenye ofisi mjini Kwale ulituahidi lita 160,000 kwa msimu ule. Maji yaliletwa na lori la tangi, boza tunaloliita sisi, la lita 8,000, yakamwagwa kwenye tangi la shule ya msingi. Kufuli la bomba lilikuwa mikononi mwa shangazi yangu. Alichaguliwa kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akiomba hata chumvi ya jirani. Kila boza likija, alitia sahihi kwenye karatasi ya dereva na kubaki na nakala, akaifunga kwenye leso.

Boza la kumi na moja lilikuja, kisha kimya. Wiki ya kwanza tukangoja. Wiki ya pili nikaipigia simu ofisi, na afisa wa huko, kijana wa bara mwenye sauti ya usingizi, akanitumia orodha kwa simu. Chini kabisa palikuwa na jumla: 160000. "Madam, mshamaliza quota yenu," akasema. "Si unaona total?"

Niliiona. Nikapitisha jicho juu ya mistari, nikaona nane na sifuri zake, nane na sifuri zake, nikaridhika. Alasiri ile ile nikasimama mbele ya mkutano nikasoma jumla peke yake: tumepokea lita laki moja na sitini elfu.

Watu wetu hawakusoma sana lakini kugawanya wanajua. Laki moja na sitini ni maboza ishirini. Waliyoyaona kwa macho ni kumi na moja. Tisa yako wapi? Macho yakamgeukia mwenye ufunguo. Mmoja akasema amesikia kuna maji yanauzwa kwa wenye ng'ombe kule barabarani Samburu. Mwingine akaongeza, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Shangazi akainuka, akasema, "Niliyoyatilia sahihi ni kumi na moja. Nakala ninazo." Hakuna aliyeziomba. Nami, katibu, mwenye orodha mkononi, nilikaa kimya. Hilo ndilo linalonichefua hadi leo kuliko yote.

Siku zilizofuata tulirudi kwenye lambo. Yalikuwa yamebaki maji ya rangi ya chai ya maziwa, mbuzi wanaingia hadi tumboni, wanakunywa na kukojolea papo hapo, nasi tunachota pembeni na kuchuja kwa kanga. Harufu yake ilikaa kwenye ugali. Ilikaa kwenye nywele. Asubuhi moja nilimkuta shangazi akiteka, na wanawake wawili niliosoma nao wakaondoa ndoo zao karibu na yake. Mmoja akatema mate chini, si mbali na miguu yake. "Shikamoo shangazi," nikasema. "Marahaba mwanangu," akajibu, akaendelea kuteka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejawa na hasira nisiyojua niimwage wapi.

Nikaifungua ile orodha tena. Safari hii niliifanya kama stoo ya hoteli. Nikaongeza safu pembeni: mstari wa kwanza, tarakimu yenyewe, mstari wa pili, jumla ya juu yake jumlisha ya mstari huu, kisha nikaivuta fomula ile hadi chini. Halafu nikaagiza safu zote mbili ziwe na mkato kila elfu.

8,000. 16,000. 24,000. Jumla ilipanda taratibu hadi mstari wa sita, 48,000. Mstari wa saba ikawa 128,000.

Nikarudisha jicho kushoto. Boza la saba lilikuwa limeleta lita 80,000. Tangi la lita elfu nane, limebeba elfu themanini, likapanda nalo ile njia ya mawe. Yule kijana alikuwa amebonyeza sifuri moja ya ziada. Na kwa kuwa mistari mingine aliiandika na mkato na mingine bila, 80000 yake ilikuwa na upana ule ule wa 8,000 ya juu yake. Herufi tano kwa tano. Jicho linateleza tu. Lilikuwa limeniteleza mimi, miaka minane ya stoo. Nilijionea kinyaa.

Kesho yake nilikwenda Kwale na nakala za shangazi. Kijana alikuwa anakula chapati juu ya kibodi, mafuta yamemfika kwenye vifundo vya mkono. Nikamwonyesha mstari wa saba na nakala ya saba. Akatafuna hadi akamaliza.

"Aa. Hii ni typing error tu."

"Watu wanakunywa mkojo wa mbuzi," nikamwambia. "Na mama mtu mzima anaitwa mwizi."

"Sasa si ningejua aje? System ndiyo imeadd."

Akafuta sifuri moja kwa kidole kile kile chenye mafuta. Jumla ya chini ikashuka hadi 88000. Akapanguza kidole kwenye suruali na kusema maboza tisa yaliyobaki yatapangiwa ratiba. Hakuomba radhi, wala hakuona kwamba kuna aliyestahili kuombwa. Nilizikusanya nakala za shangazi nikatoka.

Mkutano ukaitwa tena. Nilikuwa nimeandika orodha kwenye karatasi kubwa ya manila, kila mstari na jumla yake pembeni, mikato yote mahali pake, nikasoma kutoka juu: boza la kwanza elfu nane, jumla elfu nane, la pili elfu nane, jumla elfu kumi na sita. Nilisoma hadi la kumi na moja, jumla elfu themanini na nane. Kisha nikawaonyesha ile ya ofisi na sifuri yake. Halafu yule aliyesema lisemwalo lipo akauliza maboza tisa yanakuja lini, na wote wakaanza kuuliza hilo. Hakuna aliyemtazama shangazi.

Alingoja wakamaliza. Akafungua pindo la leso, akatoa ufunguo, akauweka juu ya meza yangu.

"Kuandika hivi," akaniuliza polepole, akigusa manila, "kulikuchukua muda gani?"

"Dakika chache, shangazi."

"Na siku ile uliposimama hapa ukasoma, ulikuwa hujui kuandika hivi?"

"Nilikuwa najua."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua ndoo yake tupu, akaenda zake kwa njia ya lamboni.